Daftari linasema 60, lori linasema mitatu haipo, na mshahara wangu ndio umekatwa

Karani_Kondele:
Wadau, nimechoka kabisa. Nafanya kazi depo ndogo ya gesi hapa Kisumu. Bosi alitupatia daftari lenye safu tatu tu: iliyojaa, tupu, iliyo kwa wateja. Mitungi yetu ya kilo 13 ni 60, kwa hivyo kila jioni safu hizo zikijumlishwa lazima zifike 60.

Jumatatu tulifungua na iliyojaa 34, tupu 18, kwa wateja 8. Tuliuza 11. Wateja tisa walileta tupu, wawili (mama wa hoteli na jamaa wa bodaboda) wakabeba na ahadi ya kurudisha. Mteja mwingine wa zamani akaleta tupu aliyokuwa anadaiwa. Jioni nikaandika iliyojaa 23, tupu 28, kwa wateja 9. Jumla 60. Nikatia sahihi.

Lori likaja. Dereva akageuza tupu moja moja akabeba 25, mitatu akaiacha chini: ni ya kampuni nyingine! Aliyeipokea ni mpwa wa bosi nikiwa nimetoka kupeleka oda. Lakini sahihi ni yangu, basi bosi ananikata mitungi mitatu mizima. Mpwa amenyamaza tu.

Wakili_wa_Kijiweni:
Huyo dereva ndiye mwenye makosa. Serikali ilishasema mtungi wowote unabadilishwa popote. Mwambie arudi aichukue.

Mzee_wa_Stoo:
Wakili, hiyo ilikuwa kanuni ya 2009. Mwaka 2019 kanuni zilibadilika, kampuni hazilazimishwi tena. Zinabadilishana zikikubaliana zenyewe. Dereva hana kosa.

Karani, mitungi yenu haijapotea. Iko jikoni kwa watu watatu, na ninyi mmekalia ya kampuni nyingine. Kosa ni la daftari: linahesabu chuma, haliulizi ni cha nani. Kila kampuni na kila saizi ipewe ukurasa wake. Mteja akileta tupu ya wengine akabeba yenu, kwenye ukurasa wenu iliyojaa inapungua moja na iliyo kwa wateja inaongezeka moja. Tupu yenu haisogei. Ile aliyoacha inaandikwa ukurasa wa kampuni yake.

Rudia Jumatatu hivyo: iliyojaa 23, tupu 25, kwa wateja 12. Bado ni 60, na sasa bosi anaona mitatu yake iko wapi. Kisha mtafute muuzaji wa ile kampuni nyingine. Huenda naye ana tupu zenu ambazo lori lake lilikataa, mbadilishane. Mkague vali na kola kabla ya kupokea, msije mkabeba vyuma vibovu.

MamaMaji_Nyalenda:
Pole mwanangu. Mimi nauza maji ya jerikani za lita 20 na shida ni hiyo hiyo. Mtu anabeba jerikani yangu mpya, analeta yake imepasuka kitako na haina kifuniko. Hesabu iko sawa lakini siwezi kuijaza. Sasa mbovu nimeziwekea safu yake, na mwenye kuileta anaongeza pesa au anarudi nayo. Wamenitusi, wamezoea.

Bonde_la_Ufa:
Kwani mimi wa Nakuru niliyenunua mtungi wangu kwa pesa zangu nimeandikwa pia kwenye hiyo safu ya wateja? Mnataka kuja kuuchukua?

Mzee_wa_Stoo:
Hapana, kaka. Ukiununua unatoka kabisa kwenye ile 60, na jumla inashuka kuwa 59. Safu ya wateja ni ya mitungi ambayo depo bado inadai. Na hapo nina swali, Karani: hao 9 mmewaandika majina?

Karani_Kondele:
Mzee, ni namba tu. Mama wa hoteli namjua, wa bodaboda namjua kwa sura. Wale watatu wa mpwa hata yeye anasema hakumbuki.

Mzee_wa_Stoo:
Basi hapo ndipo mtakapoumia. Jina, simu, tarehe, dipositi kama ilitolewa, na namba iliyogongwa kwenye mtungi. Bila hivyo ile 12 ni hesabu nzuri ya mitungi ambayo hakuna wa kumpigia simu.

Wakili_wa_Kijiweni:
Sawa, ya 2019 sikuwa nayo. Lakini hii ninayo: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19. Mali ya mwajiri ikipotea anaweza kukata kiasi cha haki, ikiwa mfanyakazi alifanya makusudi. Wewe ulikuwa umetumwa na oda. Mwambie akuandikie barua ya sababu.

MamaMaji_Nyalenda:
Barua kwa bosi ambaye aliyekosea ni mpwa wake? Atafute kazi kwanza, barua baadaye.

Karani_Kondele:
Nimeshafungua ukurasa wa kampuni ile nyingine bila kumuuliza bosi. Muuzaji wao karibu na stendi amekubali kubadilishana miwili, wa tatu amekataa, anasema vali inavuja. Huo nauandika wapi, Mzee?