Naombeni ushauri: mawimbi yenye dilei ya geti, tokeo langu limetoka mstari mnyoofu

Mwana_Mabibo: Wakuu, habari za usiku. Kesho saa 2 asubuhi nakusanya kazi na bado nimekwama. Nimepewa mawimbi ya A, B na C, nichore wimbi la tokeo F. Kila geti lina dilei yake. Nimechora mara tatu, mwenzangu wa chumba kapata kitu kingine kabisa. Sakiti ni hii:

```
N = NOT A
P = A AND B
Q = N AND C
F = P OR Q
```

Kijana_Kimara: Nyepesi hiyo. Chora F kama vile geti hazina dilei, tafuta njia ndefu kuliko zote, jumlisha dilei zake, kisha sogeza wimbi zima kulia. Sisi tulifaulu hivyohivyo.

Bi_Sakiti: Mdogo wangu, umepatia nusu. Kusogeza wimbi zima kunafaa pale mabadiliko yanapopita njia moja tu. Hapa A inafika kwenye OR kwa njia mbili: moja kupitia P, nyingine kupitia N halafu Q, na hazilingani urefu. Mwenye uzi, dilei ni ngapi kwa kila geti? Na B na C zikoje wakati A inabadilika?

Fundi_Mageti: Mimi nafunga mageti ya umeme Mbezi Beach. Kuna moja lilikuwa linahesabu mbonyezo mmoja kama miwili. Nikabadilisha aisii mbili, bila mafanikio. Kumbe swichi ndiyo inadundadunda. Kijana, anza na swichi.

Mwana_Mabibo: Shikamoo dada. Fundi, yangu iko kwenye karatasi, swichi hakuna. B na C ziko 1 muda wote. A inashuka kwenye nanosekunde ya 50, inapanda tena ya 100. NOT na AND zina nanosekunde 10. Sasa B na C zikiwa 1, F inabaki kuwa A au kinyume cha A, na hiyo ni 1 daima. Kwa hiyo nimechora mstari mnyoofu, tena nimeshaupitishia peni. Kosa silioni.

Bi_Sakiti: Marahaba. Na OR je? Umeiruka.

Mwana_Mabibo: OR ni 15. Nilidhani haina uzito, maana iko mwishoni.

Macho_Manne: Huu uzi wa kutunga. Mtu anakosa usingizi kwa swali halafu dilei anaitoa kwa kuvutwa? Na mhadhiri gani anakupa B na C zisizobadilika hata kidogo? Mmetengenezewa mtego.

Mwana_Mabibo: Sijatunga chochote, karatasi iko mbele yangu. Dilei sikutaja kwa sababu niliogopa mtaniambia nafanyiwa kazi.

Bi_Sakiti: Macho, swali hili ni la kweli kabisa. B na C zinatulizwa makusudi ili A peke yake ionyeshe tatizo. Mwana, hesabu yako inaeleza sakiti ikishatulia, haielezi kinachotokea njiani. Chukua karatasi ya miraba, mraba mmoja nanosekunde 5, kila geti na mstari wake, F mwisho. A imeshuka 50, basi P inashuka 60 na N inapanda 60. Q inaanza kuiona N hapo kwenye 60, kwa hiyo inapanda 70. Sasa tazama kati ya 60 na 70: P imeshaondoka, Q haijafika, OR ina sifuri pande zote mbili. Ongeza 15, F inashuka 75 na kurudi juu 85.

Mwana_Mabibo: Mwenzangu kachora bonde hilohilo, na la pili kuanzia 125 hadi 135.

Bi_Sakiti: La pili halipo. A ikipanda 100, P inapanda 110, Q inashuka 120. Kwa nanosekunde 10 zote mbili ziko 1, OR haikosi kitu. Bonde linatokea A inaposhuka tu.

Kijana_Kimara: Dada, ngoja. Bonde la nanosekunde 10 linapitaje kwenye OR ya 15? Sisi tuliandika hivi kwenye Verilog na F ikabaki mstari:

```
assign #15 F = P | Q;
```

Bi_Sakiti: Hapo umenishika vizuri. Dilei ikiandikwa hivyo, mpigo mfupi kuliko dilei ya geti unamezwa. Ikichukuliwa kwamba geti linachelewesha tu bila kumeza, bonde linabaki. Mwana, swali linataka lipi?

Mwana_Mabibo: Halijasema. Kumbe mstari wangu unaweza kuwa sahihi!

Bi_Sakiti: Unaweza, ila si kwa sababu uliyotoa. Ile hesabu yako ingekupa mstari hata OR ingekuwa na dilei ya 5, na hapo bonde lingekuwepo kwa namna zote mbili, 65 hadi 75.

Macho_Manne: Basi mpigie mhadhiri.

Mwana_Mabibo: Saa 5 usiku hii, hapana. Nachora upya kwa penseli, P, N na Q kwanza, bonde 75 hadi 85, na pembeni naandika nimechukulia OR haimezi mpigo mfupi. Mwenzangu namwamsha afute lake la pili.