Nilikataa kusaini daftari la mochwari, naomba ushauri

Wakuu, mimi ni mhudumu wa kubeba wagonjwa, hospitali moja hapa Dodoma. Juzi naingia zamu ya usiku nikijua naanza na mitungi ya oksijeni kama kawaida, sista akanikabidhi machela: peleka mochwari. Mwenzenu sijawahi!

Kule mpokeaji akafunua miguu. Lebo ya kidole gumba jina moja, iliyobandikwa kwenye shuka jina lingine. Akagoma kupokea. Nikampigia sista, akasema saini tu, tutarekebisha asubuhi. Nikakataa mpaka akaja na faili. Ya shuka ndiyo ilikosewa, ni ya mgonjwa aliye hai wodini.

Sasa kaninunia. Niandike taarifa kwa msimamizi, au niongee naye kwanza?