Tupeane uzoefu: rangi za filamu na ngozi za watu kwenye picha

Mleta uzi: Wakuu, Jumamosi nilipiga harusi Tanga. Bibi harusi maji ya kunde, bwana harusi mweusi tii. Kwenye Lightroom nikatia preseti yangu ya filamu, ile ya vivuli vya bluu-kijani na weusi uliofifia. Bibi harusi katoka vizuri, bwana harusi kapauka utadhani katoka kusaga unga. Familia ikauliza kama alikuwa anaumwa. Nyie mnafanyaje?

Picha Kali: Ongeza Exposure tu. Mtu mweusi anataka mwanga.

Mzee wa Lenzi: Mwanga anautaka wakati wa kupiga. Ukinyanyua picha nzima baadaye, shela inaungua na ukijani unabaki palepale. Mleta uzi, preseti haijui uso, inajua giza na mwanga. Rangi ya Shadows inaangukia kila kilicho giza, na ngozi ya bwana harusi iko hukohuko chini. Ya bibi harusi iko juu zaidi, ndiyo maana ikapona.

Yalinikuta kwenye sendofu moja. Nilishusha Saturation ya Shadows kutoka 25 hadi 10, nikapeleka Balance +40, ukijani ukabaki kwenye suti na kona za ukumbi. Kisha kwenye Tone Curve nikashusha ile ncha ya kushoto mpaka nywele zikawa nyeusi kweli. Hiyo ncha ikikaa juu, ngozi nyeusi inakosa kina, inakuwa jivu.

Dada Shata: Mimi kilichoniponza ni Luminance ya Orange. Preseti niliyonunua ilikuja na +25. Mteja akaniambia, "Dada, umenichubua." Nikairudisha sifuri. Na Orange haigusi ngozi peke yake, hata meza ya mninga na dhahabu shingoni zinabadilika.

Kijana wa Simu: Na sisi wa simu? Mimi nimezima Beauty lakini bado inanifanya mweupe.

Dada Shata: Hiyo ni simu yenyewe, mdogo wangu, fungulia uzi wake.

Mpiga wa Pwani: Mbona mnajitesa? Kuna maski ya Select People. Chagua Facial Skin na Body Skin, geuza maski, ukijani uupake humo. Ngozi haiguswi kabisa.

Mzee wa Lenzi: Nimejaribu. Mtu anaonekana kabandikwa ukutani, maana chumba kizima kina rangi moja na yeye ana yake. Acha kidogo imguse.

Mpiga wa Pwani: Kidogo kiasi gani? Wateja wangu hawajawahi kulalamika.

Mleta uzi: Mrejesho: Balance na ile ncha zimemrudisha bwana harusi, asanteni. Sasa shida ni mama mkwe. Ni mweupe, alikaa chini ya taa ya tyubu, kawa kijani hata kabla ya preseti. Nikivuta Tint upande wa zambarau, bwana harusi pembeni yake anakuwa mwekundu.