Eti "samaki wamezaana ndani ya kompyuta?" Leo nimechoka wakuu

Karani_wa_Namba (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka. Nimekaa juu ya jiwe nje ya ofisi, upepo wa ziwa unanipiga, chai imeshapoa. Yule mtu (mnamjua, yule anayevaa koti la suti kwenye jua la Mwanza) leo amenimaliza.

Jumatatu saa mbili asubuhi dashibodi ilisema wiki iliyopita tulipokea sangara kilo 41,200. Akapiga skrinishoti, akawarushia wakubwa wake. Jumanne usiku data zikarifreshi. Jumatano akafungua, akakuta wiki ile ile inasema 43,900. Akauliza kulikoni, nikamwandikia imeili fupi, ya adabu kabisa. Akajibu kwa kuwaweka kopi watu wote, mpaka mlinzi wa geti:

"Kwa hiyo samaki wamezaana ndani ya kompyuta?"

Wamezaana. Ndani. Ya kompyuta.

Nimeenda kula, mama wa kantini ananiuliza mtoto wa sangara ni wa kike au wa kiume. Mlinzi, ambaye sijui hata imeili anaisomea wapi, kanipa hongera ya uzazi.

Hii ndiyo imeili yangu, semeni nyie nilikosea wapi:

"Mkuu, habari za kazi. Rejea kichwa cha habari hapo juu. Mabadiliko ya takwimu yametokana na data kurifreshiwa, ambapo rekodi zilizochelewa kusawazishwa kutoka vituo vya visiwani zimeingia, na rekodi zilizojirudia zimeondolewa. Natanguliza shukrani."

Kosa liko wapi? Wamezaana!

DagaaMchele

Kosa liko kwenye "rejea kichwa cha habari hapo juu". Hata mimi ningekuuliza kama wamezaana 😂😂

Mpiga_Kasia

Hongera ya uzazi nimecheka mpaka kondakta ananiangalia. Mtoto mpeni jina Rifreshi.

Mzee_wa_Mizani

Ng'wanawane, bosi wako hana adabu, hilo tumekubaliana. Lakini imeili yako haina namba hata moja. Mtu kaona kilo 2,700 zimeongezeka bila mtumbwi kutia nanga, na wewe unamwambia "kusawazishwa". Hizo za kuchelewa ni kilo ngapi, za mwalo gani, na zilichelewa kwa nini?

Karani_wa_Namba

Mzee shikamoo. Ni hivi: visiwani karani anapima, anaingiza kilo kwenye simu, simu inasubiri netiweki ndipo itume. Wikiendi ile mnara ulizima upande wa Ukara na Kome. Mizani ya Jumamosi na Jumapili ikaingia Jumatatu mchana, yeye ameshatuma skrinishoti yake zamani. Dashibodi inahesabu kwa siku samaki alipopimwa, siyo siku taarifa ilipofika, kwa hiyo wakarudi kwenye wiki yao. Nilizitoa hivi:

```sql
SELECT SUM(kilo) FROM mapokezi
WHERE siku_kupima BETWEEN '2025-08-04' AND '2025-08-10'
  AND muda_kufika > '2025-08-11 08:00';
```

Ikaleta 3,480. Samaki walipimwa kwa mizani ya chuma, mbele ya macho ya watu, na yeye anasema wamezaana.

Mzee_wa_Mizani

Marahaba. Sasa hapo umeongea. 41,200 ukijumlisha 3,480 unapata 44,680. Dashibodi inasema 43,900. Kilo 780 zimekwenda wapi?

Karani_wa_Namba

Hizo ndizo zilizojirudia. Karani anabonyeza tuma, simu inaganda, anabonyeza tena, risiti moja inaingia mara mbili. Kurifreshi kunafuta ya pili.

Mzee_wa_Mizani

Umeziona zikifutwa, au umetoa tu?

Karani_wa_Namba

...nimetoa.

DagaaMchele

Uuuuwi 😂😂😂 kumbe na wewe unazaa kimyakimya.

Mzee_wa_Mizani

Basi hiyo ni dhana yako, na wewe umemwandikia bosi kama jambo ulilolishuhudia. Kilichochelewa unakipata kwa sababu mstari upo, una muda wa kufika. Kilichofutwa hukipati kwa swali lolote, mstari haupo tena. Ndiyo maana sisi hatufuti: risiti iliyojirudia tunaiwekea alama, dashibodi inairuka, na kesho ukiulizwa unazihesabu moja moja. Na kila Jumatatu tunaweka nakala ya wiki ilivyokuwa asubuhi ile. Wewe nakala yako ya Jumatatu ni ipi? Skrinishoti ya huyo huyo anayekutukana.

Fundi_Nyegezi

Mnazunguka bure, hii ni saa tu. Ripoti ukiirifreshi kwenye laptop inafuata saa zetu, ikirifreshi huko juu mtandaoni inafuata UTC, ambayo iko nyuma yetu saa tatu. Aliyepima Jumatatu saa nane usiku anaonekana kapima Jumapili. Hapo ndipo kilo 2,700 zote zilipotoka. Badilisha mpangilio, kesi imefungwa.

Mzee_wa_Mizani

Fundi, nusu umepata. Zote haziwezi, 3,480 tayari tumezikamata kwa muda wa kufika. Na saa ikisogea hivyo, wiki inapokea mizani ya usiku upande huu na kupoteza ya usiku upande wa pili, ile ya Jumatatu ya kwanza inaangukia wiki iliyotangulia. Kinachobaki ni tofauti ya usiku miwili. Lakini kwa zile 780, siwezi kukukatalia. Karani, angalia wiki iliyotangulia: kama nayo imebadilika baada ya Jumanne, Fundi ana hoja. Kama haijaguswa, rudi kwenye risiti.

Karani_wa_Namba

Nitaangalia nikirudi mezani. Kwa sasa kurudi siwezi, yupo korido. Amepita akafanya ishara ya samaki kwa mkono. KWA MKONO wakuu.

Mzee_wa_Mizani

Ukirudi mtumie hii, isizidi hapa:

"Mkuu, kilo za wiki iliyopita zimepanda kutoka 41,200 hadi 43,900. Kilo 3,480 zilipimwa Ukara na Kome Jumamosi na Jumapili, ila zilitufikia Jumatatu mchana kwa sababu mnara ulizima. Kilo 780 zimepungua. Nahisi ni risiti zilizoingia mara mbili, nahakiki na nitakujibu leo jioni. Kwa wakubwa tumia 43,900, ukiwaambia inaweza kusogea kidogo."

Neno rifreshi halimo. Hilo ni la kwetu jikoni.

Binti_Buzuruga

Bora wewe umejibiwa. Mimi wa kwangu namwandikia imeili, ananipigia simu kuniuliza nimeandika nini. Namsomea. Anasema "sawa, nitumie kwa WhatsApp". Mwaka wa tatu huu.

Mpiga_Kasia

Wa kwangu anataka ripoti ichapwe kwa rangi, halafu printa ni ya wino mweusi.

Mtu_wa_Igoma

Wakuu nimesoma kichwa tu, ila na mimi dashibodi yangu inanisumbua. IST, taa ya injini imewaka tangu juzi pale Mkuyuni, nikizima na kuwasha inapotea, baada ya nusu saa inarudi. Shida nini?

Fundi_Nyegezi

Mkuu hiyo mara nyingi ni plagi au koili. Gari inatetemeka ikiwa imesimama?

Mtu_wa_Igoma

Inatetemeka kama mashine ya kusaga.

DagaaMchele

Igoma huko kuna fundi aliniambia koili, nikanunua nne, kumbe waya umekatwa na panya.

Fundi_Nyegezi

Usinunue nne. Hamisha moja uiweke silinda nyingine, kosa likihama nayo, ndiyo hiyo.

Karani_wa_Namba

Jamani, na mimi je?

Mtu_wa_Igoma

Fundi, nikuletee Nyegezi leo au kesho?