Tangi la lita 50,000 litatosha shule ya wanafunzi 300?

MwalimuHesabu: Wadau, naandaa maelezo ya tangi la mvua la shule, naomba mnikosoe. Mabati nimeyapima, mita za mraba 460. Mvua ni milimita 900 kwa mwaka, kwa hiyo napata lita 414,000. Kila mwanafunzi lita 5 kwa siku, siku 190 za masomo, ni lita 285,000. Maji yanazidi mahitaji, ndiyo maana nikaona tangi la 50,000 linatosha. Nimekosea wapi?

Kibuyu77: Hesabu iko sawa mkuu, ila punguza kinachopotea kwenye mifereji. Zidisha kwa 0.8. Bado yanabaki ya kutosha, jenga tu.

BiMfereji: Hiyo 0.8 ni sahihi, lakini shida haipo hapo. Mwalimu, umepima bati kwa mteremko wake au kivuli chake chini?

MwalimuHesabu: Kwa mteremko. Chini ni kama 400.

BiMfereji: Basi tumia 400, mvua haijui mteremko. Unapata lita 288,000, yaani ziada ya 3,000 tu. Mwaka ukiwa mkavu kidogo imekwisha. Sasa achana na jumla ya mwaka, hesabu kiangazi. Mvua hukatika miezi mingapi?

MwalimuHesabu: Minne, mmoja ni likizo.

BiMfereji: Miezi mitatu, siku 22 kila mmoja, ni siku 66. Mnatumia lita 1,500 kwa siku, kwa hiyo mnahitaji 99,000. Tangi lako likijaa pomoni litakauka siku ya 34. Na halitoi lita zake zote: sakafu ikiwa mita za mraba 20 na koki iko sentimita 10 juu yake, lita 2,000 hazitoki. Hata mkishuka hadi lita 2.5 kwa mtoto, mtapungukiwa siku mbili tatu za mwisho.

MamaChoo: Sisi tulivuta maji ya mvua mpaka vyooni, ndani ya wiki mbili tangi tupu! Vyoo vyenu vya kuvuta?

MwalimuHesabu: Hapana, vya shimo. Ni ya kunywa na kunawa tu.

FundiBomba: Mnasahau maji ya ziada. Mvua ya milimita moja kwa dakika kwenye paa hilo inaleta karibu lita 400 kila dakika. Nimeona tangi limeingiziwa bomba la inchi 4, la kutolea ziada inchi 2. Maji yakapanda, yakamwagika kwenye mfuniko, yakachimba udongo chini ya msingi. Ufa ulianzia hapo kwenye kona. La ziada lisiwe jembamba kuliko la kuingizia, liwe na wavu, na limwage mbali na msingi.

Kibuyu77: Sawa, nafuta usemi wangu. Ila si afadhali matangi mawili ya 50,000? Moja likioshwa, jingine linatumika.

BiMfereji: Yanafaa, ila bei hupanda. Mimi ningeanza na moja na kuacha wazi nafasi ya la pili.

FundiBomba: Mimi nasema yote mawili kwa pamoja. Kiangazi hakitasubiri bajeti ya mwakani.

MwalimuHesabu: Narudi kwa kamati na 99,000. Wataguna.