Ujumbe mmoja kwa watu watatu! Mdogo wangu ametutia aibu na sinyamazi

MwanaMalindi:
Asalaam aleikum jamaa. Nina hasira na nazisema hapa.

Jumanne usiku mama alipandwa na presha, tukamkimbiza hospitali hapa Malindi. Mimi nimemshika mama, simu nimempa mdogo wangu awaarifu watu watatu: meneja wangu, mwenzangu wa zamu hotelini, na ami yetu aliyeko Lamu. Bwana mdogo akaandika mara moja, akawarushia wote:

"Mama amelazwa 😭😭😭 ntawacheki baadae"

Basi. Kisha simu ikazima kwa chaji.

Nilipoiwasha asubuhi, meneja ameniuliza: "Unanipa habari au unaomba ruhusa?" Na haki anayo, kwani hakuna alichoombwa. Siku hiyo nimeandikwa mtoro. Mwenzangu naye, mimi na yeye tukichekeshana huandikiana hizo hizo 😭, ndiyo kicheko chetu. Akajua namtania, akajibu "😂😂 leo umeamua", akalala. Zamu ikabaki wazi.

Lakini kilichonichoma ni ami. Mzee wa miaka 70 na ushei. Tangu nipate akili, ujumbe wangu kwake huanza kwa salaam, kisha shikamoo, kisha "sisi huku wazima". Alipokosa yote matatu na kuona nyuso tatu za machozi, akasema huu ni msiba, watoto wameshindwa kuutaja. Anapiga, hanipati. Alfajiri akavuka na boti hadi Mokowe, akapanda basi na shangazi zangu wawili, wanalia njia nzima. Wakaingia wodini mchana, mama amekaa kitako anakunywa uji. Shangazi mkubwa miguu ikamwisha nguvu pale pale mlangoni.

Mdogo wangu anasema "si ujumbe tu". Nipeni la kumjibu!

Mzee_wa_Langoni:
Mama apate shifaa. Mimi nimewaandikia watu barua miaka mingi kabla ya simu hizi, na ami yako alisoma vile tulivyofundishwa kusoma. Habari ya uzima hutangulia, kisha ndiyo huja "ila". Mwandishi akiruka salamu, msomaji hujua mkono ulikuwa unatetemeka. Hata bila hayo machozi angevuka. Kijana angeandika hivi:

"Asalaam aleikum ami, shikamoo. Mama presha ilimpanda jana usiku, daktari amemlaza wamwangalie. Anazungumza na anakula. Usisafiri, nitakupigia baada ya alasiri. Mwanao."

Hilo "usisafiri" ndilo lingemweka nyumbani. Na asipeleke "shikamoo" peke yake akangoja marahaba. Mzee akiona shikamoo ya saa sita usiku haina maneno nyuma yake, moyo humwenda mbio.

Kiparachichi:
Dawa ni moja, wazee wasipelekewe emoji kabisa.

MwanaMalindi:
Hapana. Ami mwenyewe kila Ijumaa huniletea 🌹 na 🤲, na nisipomrudishia ua huuliza kama nimeudhika naye. Tatizo ni hizo nyuso. Nimeishika simu yake jana: kioo kimepasuka, maandishi ameyakuza, lakini 😂 na 😭 kwake ni uso wa manjano wenye maji tu. Huwezi kuzitofautisha mpaka uisogeze simu puani.

Binti_Ngomeni:
Mimi bosi wangu nikimwomba ruhusa hujibu 👍 tu. Amekubali au amekasirika? Wiki nzima nakitazama hicho kidole.

Mpokezi_wa_Usiku:
Binti, huyo muulize kwa mdomo. MwanaMalindi, meneja anataka kujua unaomba nini, siku ngapi, na nani atakushikia zamu. "Habari za asubuhi Meneja. Naomba ruhusa ya leo na kesho, mama yangu amelazwa. Zamu ya saa moja namtafutia mtu, nitakujulisha kabla ya saa kumi na mbili. Asante." Chini jina na idara. Salaam aleikum mpe kama ni mwenzetu wa dini, kama sivyo habari za asubuhi yatosha. Uso wowote usiweke, wala 🙏. Ukimwekea mikono mitatu ataona unalialia.

Mzee_wa_Langoni:
Hapo kwenye 🙏 sikubaliani nawe. Mmoja, baada ya asante, ni adabu.

Mpokezi_wa_Usiku:
Kwa meneja wako labda. Wangu aliniuliza kama nasali.

MwanaMalindi:
Na mwenzangu tumeshakubaliana, jambo la kweli tunaliandika kavu: "Kaka, mama amelazwa, si utani, nishikie zamu." Hatuhitaji salamu ndefu, tumeonana jioni ile ile.

Ila nimechemka upya sasa hivi. Ami yuko kwetu, chumba cha pili, hajala tangu jana kwa uchovu. Nimemwambia mdogo wangu akamwombe radhi. Amekaa kitandani amemwandikia: "samahani ami 🙏". Ukuta mmoja tu uko kati yao!