PS3 ikidhani tuko mwaka 2000, gemu niliyoilipia inanikana! Huu si wizi?

Pedi_Mbovu (mwanzisha uzi)

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Nina PS3, ile nene ya mwanzo yenye swichi kwa nyuma. Ilikaa muda mrefu imechomolewa kwenye umeme. Nilipoiwasha, tarehe ikawa ya mwaka 2000. Haya, mashine ni kongwe, saa imepotea, sina ugomvi. Ugomvi wangu ni huu: duka halifunguki, akaunti inakataa kuingia, na gemu niliyoinunua kwa kupakua, ambayo iko nzima ndani ya diski ya mashine, inagoma kuanza. Wakati huohuo gemu za kutumbukiza diski zinacheza bila neno. Kwa hiyo aliyelipia kihalali dukani ndiye anayeadhibiwa kwa sababu saa imesimama?

Nikaipeleka kwa fundi mmoja. Hakufungua hata skrubu. Akasema dawa ni `Restore PS3 System`, nichague tu siku ya kuichukua. Nikamuuliza sevu zangu zitakuwaje, akacheka, eti "utacheza upya." Nikaibeba nikaondoka zangu.

Nimenunua betri ya saa, CR2032, nimebadilisha mwenyewe, nimewasha: bado 2000! Na juu ya hayo, gemu moja ya diski niliyocheza juzi nikabonyeza kuendelea, ikanirudisha mbali kule nyuma. Nilichocheza juzi hakipo. Mnieleze, maana nakaribia kuitupa.

Kaka_Saturn

Pole sana ndugu. Sevu zimeondoka na betri hizo, usijisumbue. Sega Saturn yangu ilifanya hivyohivyo: betri ilipoisha, tarehe ikapotea na kila kitu nilichokuwa nimehifadhi ndani kikafutika. Hizi mashine za zamani ndivyo zilivyo.

Waya_Mbili

Kaka, kwa Saturn uko sahihi kabisa, ile betri ndiyo inayoshikilia saa pamoja na kumbukumbu ya ndani. PS3 haiko hivyo. Sevu zake ziko kwenye diski ya mashine, na diski haihitaji betri kukumbuka kitu. Betri ile kazi yake ni kuendesha saa pale umeme unapokatika. Ndiyo maana ukiiacha imechomekwa ukutani saa inaenda vizuri hata betri ikiwa imekufa, halafu ukichomoa tu inapotea. Hicho ndicho kipimo changu kabla sijashika bisibisi.

Mwanzisha uzi, sevu yako ya juzi ipo. Ulicheza saa ikiwa imekosea, kwa hiyo ilihifadhiwa kwa tarehe ya mwaka 2000. Gemu nyingi ukibonyeza kuendelea zinachukua sevu yenye tarehe ya karibuni zaidi, na kwa hesabu ya mashine, sevu ile ya zamani ndiyo "mpya." Nenda menyu ya `Game`, ingia kwenye hifadhi ya sevu za PS3, shuka mpaka mwisho wa orodha, bonyeza pembetatu uchague `Information` usome tarehe. Ukiiona, usiifute na usihifadhi juu yake.

Pedi_Mbovu

Nimeiona! Iko chini kabisa, mwaka 2000. Na yule fundi alitaka kuifuta yote!! Sawa, hiyo nimeelewa. Lakini betri mpya nayo?

Kasi_ya_Radi

Mkuu badilisha DNS. Mimi kwangu mtandao ulikuwa mzito hivyohivyo, nikaweka DNS nyingine kila kitu kikapaa.

Pedi_Mbovu

Nimesema tarehe, wewe unaniletea kasi ya mtandao. Simu na kompyuta ziko kwenye laini hiyohiyo na zinapaa.

Waya_Mbili

Twende taratibu. Betri mpya haijui leo ni lini. Inatunza saa iliyokwisha kuwekwa, haileti tarehe. Ulipoibadilisha mashine ilikuwa haina umeme kabisa, kwa hiyo saa ilianza upya, na betri yako mpya sasa inatunza kwa uaminifu mkubwa mwaka 2000.

Duka linakataa kwa sababu seva inajitambulisha kwa cheti cha usalama, na cheti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Mashine iliyoko 2000 inakiona cheti ambacho bado hakijaanza kutumika, inakata mawasiliano. Ukikosea saa mbili tatu haitasumbua. Ukikosea miaka, umefungiwa nje.

Kwa hiyo ingia `Settings`, kisha `Date and Time Settings`, kisha `Date and Time`. Weka kwanza kwa mkono: mwaka, mwezi, siku, saa. Baada ya hapo ingia kwenye akaunti. Ikikubali, rudi palepale uchague `Set via Internet`. Ndipo ujaribu gemu yako ya kupakua, ukiwa bado mtandaoni. Wengi wanaishia kwenye hatua ya mkono. Kwenye mashine nilizoshika, tarehe ya mkono ilifungua mlango wa akaunti na duka, lakini gemu za kupakua zilianza tu baada ya kuingia kwenye akaunti.

Pedi_Mbovu

Tarehe imekaa sawa, nimeandika kwa mkono. Sasa inasema nywila si sahihi. Nywila ileile naingilia kwenye simu kila siku! Mnaona ninachosema? Ukitoka shimo hili unaangukia lingine.

Binti_Konsoli

Hapo umeshatoka kwenye tatizo la saa, kaka. Bila shaka umewasha uthibitishaji wa hatua mbili. PS3 haina mahali pa kuandika ile namba inayotumwa kwenye simu. Ingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari, sehemu ya usalama, utengeneze nywila maalumu ya kifaa, kisha uiandike kwenye PS3 badala ya nywila yako ya kawaida. Mimi PS Vita yangu ilinisumbua vilevile.

Pedi_Mbovu

IMEINGIA. `Set via Internet` imekubali, duka limefunguka, gemu imeanza. Nimezima, nimechomoa waya ukutani, nimesubiri, nimerudisha: tarehe ipo. Asanteni. Hasira yangu iko palepale lakini. Siku seva zikizimwa na betri ikafa, hii gemu nitaifungulia wapi?

Waya_Mbili

Hapo sina jibu la kukufurahisha. Kwa PS4 walirekebisha kitu kinachofanana na toleo la 9.00 mwaka 2021, gemu zikaanza kufunguka hata betri ikifa bila mtandao. Kwa PS3 betri nzima ndiyo kinga yako, na ibadilishe kabla haijafa. Hata ukiibadilisha mapema saa itapotea pale unapofungua, lakini utairudisha wakati seva bado zinajibu.

Ile sevu ya 2000, ifungue ndani ya gemu kisha hifadhi kwenye nafasi mpya, itapata tarehe ya leo. Na nakili sevu kwenye flashi. Chache zimefungwa zisinakiliwe, hizo zinahitaji `Backup Utility`, na zitarudi kwenye mashine hiyohiyo tu.

Kaka_Saturn

Kumbe. Mimi diski ya PS3 yangu nilishaifuta nikijua sevu hazipo tena.

Binti_Konsoli

Na trofi alizopata wakati saa iko 2000? Zikipanda kwenye akaunti zinabaki na tarehe hiyo au kuna mtu alishafanikiwa kuzirekebisha?

Pedi_Mbovu

Zangu mbili bado hazijapanda. Nasubiri mwenye uzoefu aseme kabla sijabonyeza.